Mavazi ya mkutano wa kutwa juani: maelekezo ya fundi cherehani wa Dodoma

Zilikuwa sare 32 za satini ya zambarau, zina bitana mpaka kwenye pindo na zipu mgongoni. Nilizishona mwenyewe kibandani kwangu Majengo, nikazipiga pasi, nikazikabidhi Ijumaa. Jumapili saa saba mchana waimbaji wawili walikuwa wamelazwa chini ya mti pembeni ya uwanja. Mmoja tulishindwa kumfungua zipu: satini ilikuwa imemgandia mgongoni na meno ya zipu yameuma bitana. Niliomba mkasi nikalikata gauni nililolishona siku nne kabla. Walilowanishwa, wakapepewa, wakarudiwa na nguvu, lakini tangu siku hiyo sipokei sare ya mkutano kabla sijauliza mambo matatu: ni mwezi gani, mtakaa kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na uwanja utajaa kiasi gani.

Hapa nitaeleza kwa mfuatano ule ule ninaowapa wateja wangu, awe mama wa hija, mwanakwaya, anayekwenda Maulidi au mtu wa mkutano wa injili. Mfano wangu ni mkutano wa Oktoba, kwa sababu huo ndio unaowaumiza wengi hapa kwetu.

Fahamu kwanza hewa utakayokuwa ndani yake

Oktoba mvua bado, ardhi imekauka, na katika wiki ya pili ya mwezi jua la Dodoma linapita utosini kabisa. Simama uwanjani kama saa sita na nusu mchana utaona kivuli chako kimejikunja miguuni. Maana yake ni kwamba utosi, mabega, pua na sehemu ya juu ya miguu ndivyo vinavyopigwa zaidi.

Hewa yetu ni kavu, na ukavu huo unatusaidia. Jasho linaupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi, si pale linapotiririka na kudondoka. Mtu anayetembea barabarani Dodoma anatoka jasho jingi lakini halioni, kwa sababu upepo unalikausha papo hapo. Anakuja kugundua jioni akiona chumvi nyeupe kwenye kola.

Sasa mwingize mtu huyo katikati ya watu waliobanana bega kwa bega. Upepo haumfikii tena. Mtu aliyetulia hutoa joto la kama wati 100, sawa na ile balbu ya zamani ya mwanga wa njano, na yeye amezungukwa na watu sita wa namna hiyo, wote wanapumua na kutoka jasho. Hewa iliyo kati yao inakuwa na unyevu, na jasho linachelewa kukauka. Kwa hiyo uwanja mmoja una hali mbili za hewa: pembeni kuna jua kali na upepo, katikati kuna joto la watu na hewa iliyosimama. Wengi huvaa kwa kuliwazia jua tu.

Hili linagusa hata ule ubishi wa rangi. Mwaka 1980 watafiti walipima joto kwa mtu aliyevaa majoho ya Kibedui katika jangwa la Negev, wakaona kwamba joho jeusi na jeupe vilimletea mtu joto lile lile mwilini. Jeusi lilinyonya jua zaidi, lakini kwa kuwa lilikuwa pana, hewa iliyopita chini yake ililiondoa joto hilo kabla halijafika kwenye ngozi. Kinachofanya kazi hapo ni upana pamoja na upepo. Dada aliyevaa baibui jeusi lililo pana akiwa pembeni ya uwanja hana shida kubwa. Akisogea katikati, ambako upepo umekatika, faida ile inapungua sana, na hapo kitambaa kilichogusa ngozi yake ndicho kinachoamua atafika jioni vipi.

Wiki mbili kabla: pima kitambaa

Usiamini neno la muuzaji wala maandishi ya ukingoni. Vitenge vingi vinavyouzwa kwa jina la pamba vina poliesta ndani yake, vingine ni poliesta tupu, na ukivishika dukani vyote vinateleza kwa namna moja.

Anza kwa kukifua. Kitambaa kipya kina gundi ya kiwandani inayokifanya kikakamae, na gundi hiyo huzuia maji hata kama kitambaa ni pamba safi, kwa hiyo ukikipima kabla ya kukifua utakihukumu vibaya. Loweka kipande usiku mmoja, fua kwa sabuni, kausha. Kama ni pamba kitarudi kidogo, na ni heri kirudi sasa kuliko baada ya kushonwa.

Kikishakauka, kitandaze mezani na udondoshe tone moja la maji. Pamba italinywa mara moja na doa litatanuka. Poliesta italiacha limesimama kama shanga, au lipenye taratibu bila kutanuka. Kisha chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, zishike kwa koleo au kibanio, uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na inaacha jivu jepesi linalopukutika ukiligusa. Poliesta inayeyuka, inajikunja, na ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata jivu na vidonge kwa pamoja, ujue ni mchanganyiko. Mchanganyiko wenye pamba nyingi unavumilika, ila wenye vidonge vingi ubakie kwa harusi ya ukumbini.

Jaribio la tatu ni la mwanga. Nyoosha kitambaa kimoja mbele ya dirisha na uweke mkono nyuma yake. Ukiona mistari ya vidole vyako waziwazi, jua litapita vile vile. Kwa watu wengi hilo si tatizo kubwa kama watapata kivuli, lakini kwa mwenye ualbino ni jambo la kwanza kabisa. Yeye avae pamba iliyosukwa ikabana, mikono mirefu mpaka kwenye kiganja, kola ya kufunika shingo, na pama lenye ukingo wa sentimita 7 na nusu au zaidi kuzunguka pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo wazi, na hapo ndipo jua linapowaumiza.

Ukimpa fundi, mwambie haya

Fundi atataka kuweka bitana kwa sababu inalifanya gauni likae vizuri. Mwambie asiweke. Bitana karibu zote za madukani ni poliesta, kwa hiyo unaweza kununua kitenge cha pamba kwa bei kubwa ukaishia kugusana na plastiki mwili mzima. Kama kitenge kinaonyesha ndani, awekee kifuani tu, kwa kitambaa chepesi cha pamba.

Kwenye kifua aongeze sentimita 10 hadi 12 juu ya kipimo cha mwili, na kwapa alishushe kidogo. Gauni la namna hii halitakuonyesha umbo kama unavyopenda, nakubali, lakini ule upenyo unaobaki kati ya kitambaa na ngozi ndiyo njia pekee ya hewa. Pia linakuacha unyanyue mikono mpaka usawa wa kifua bila kubanwa, na baadaye nitaeleza kwa nini hilo lina maana.

Pindo liishie vidole vinne juu ya kifundo cha mguu. Gauni linaloburuza ardhini ni zuri kwenye picha, ila katika msongamano mtu wa nyuma atalikanyaga na wewe utaendelea kutembea. Sketi ya kubana nayo haifai, kwa sababu huwezi kupanua hatua ukisukumwa. Marinda machache au mpasuo wenye kitambaa ndani vinatosha.

Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni namna nguo inavyofunguka. Gauni lifunguke mbele, kwa vifungo, kuanzia shingoni mpaka kwenye tumbo. Mama anayenyonyesha atakushukuru, na siku mtu atakapoishiwa nguvu, jirani yake ataweza kumfungua akiwa amelala chali bila kumgeuza na bila mkasi. Mwisho, omba mifuko miwili ya ubavuni yenye kina cha kiganja kizima. Chupa ndogo ya maji, simu na leso vikikaa humo hutahitaji mkoba.

Wanaume wao wana kazi fupi. Kanzu ya pamba ni vazi zuri sana la joto, kanzu ya tetroni ni mateso, na majaribio ya tone na kiberiti yanafanya kazi kwenye kanzu kama kwenye kitenge. Anayelazimika kuvaa suti avae shati la pamba lenye mikono mirefu, koti alivae wakati wa ibada yenyewe tu, na tai ikae mfukoni mpaka zamu yake ya kupanda jukwaani.

Nguo za ndani

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yote. Mama anavaa kitenge cha pamba safi, lakini ndani kuna shumizi ya nailoni, taiti ya poliesta na sidiria yenye sifongo nene. Dada wa baibui naye anavaa suruali ya jinzi na fulana ya mikono mirefu ndani yake. Nguo ya nje haiwezi kumsaidia mtu ambaye ngozi yake imefungwa tayari.

Badala ya shumizi ya nailoni, shona ya pamba nyepesi, hata kwa khanga kuukuu. Khanga iliyofuliwa miaka mitatu imelainika na inakunywa jasho kuliko kitambaa chochote kipya. Chini ya baibui, gauni jepesi la pamba lisilo na mikono linatosha, kwa sababu sitara yako inatoka kwenye baibui. Kwa mapaja, vaa bukta ya pamba inayofika karibu na goti. Kutembea kutoka stendi mpaka uwanjani na kusimama saa nyingi kwa jasho lenye chumvi kunachubua mapaja vibaya, na aliyeanza kuchubuka saa nne asubuhi hatakuwa na utulivu wa sala mchana. Paka mafuta ya mgando mapajani na chini ya matiti kabla ya kuondoka, na ubebe kidogo kwenye kikopo.

Wanaume: singlendi ya pamba ndani ya shati ni jambo jema. Inashika jasho na inaliacha shati likae mbali na ngozi.

Kichwa na shingo

Mwavuli ni mzuri pembeni ya uwanja. Katikati ya watu unachoma macho ya wenzako, unazuia upepo mdogo uliopo, na unakunyima mkono mmoja. Pama la majani makavu au la kitambaa cha pamba linafanya kazi bora zaidi, alimradi liwe na kamba nyembamba inayoachia yenyewe ikivutwa. Fundi anaweza kuishikiza kwa kifungo cha kubana.

Kwa wanaofunga kilemba au ushungi, chagua pamba nyepesi na ufunge kwa mzunguko mmoja au miwili tu. Ushungi usiuzungushe shingoni ukaufunga fundo. Ubane kwa pini ndogo moja begani, ili ukivutwa upande mmoja uachie. Waliovaa balaghashia wabebe leso kubwa ya pamba ya kuning'iniza nyuma ya shingo.

Leso hiyo ina kazi ya pili. Dodoma hewa ikiwa kavu, kitambaa cha pamba kilicholowanishwa na kuwekwa shingoni kinapoza kweli kweli, kwa sababu maji yake yanakauka haraka. Kikikauka unakilowanisha tena. Pembeni ya uwanja utaona tofauti ndani ya dakika chache. Katikati ya msongamano kitabaki kimelowa na cha vuguvugu, na hiyo ni dalili ya kuaminika kwamba hewa uliyopo hailipokei jasho lako pia. Leso ikiacha kukauka, toka, usogee pembeni. Maji ya kunywa yawe ya kwanza lakini. Yanayobaki ndiyo ya leso.

Miguu, na kila kinachoning'inia

Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walipoteza maisha Moshi baada ya ibada ya jioni uwanjani, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Katika misongamano ya namna hiyo watu wengi hufa kwa kukosa pumzi: kifua kinabanwa na miili ya wengine mpaka hakiwezi kupanuka. Ndiyo maana nilisema gauni likuachie mikono ifike kifuani. Ukiona watu wameanza kukusukuma pande zote, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia, ubakishe nafasi ya kupumua, na usiiname kwa sababu yoyote ile.

Na sababu kubwa ya mtu kuinama ni kiatu. Ndala inachomoka kwa kukanyagwa mara moja tu, na mkono wa mtu unaishukia ndala kabla hajafikiri. Ndala pia hazifai kwa miiba yetu. Mwiba wa mgunga unapita kwenye soli ya ndala kama sindano kwenye sabuni. Yeboyebo zinachemsha mguu, na viatu vya mchuchumio vinazama kwenye mchanga na kumwangusha mwenye navyo pamoja na wa jirani. Vaa raba au simpo yenye mkanda unaofungwa, iliyozoeleka mguuni angalau wiki mbili, pamoja na soksi nyembamba za pamba. Kamba za raba funga fundo mara mbili na ncha zake uzichomeke ndani. Nawaambia wateja wangu, na ninalisema kwa uzito: kiatu kikikutoka katika msukumano, kimekwenda. Usikirudie.

Kwa ibada za uwanjani ambako viatu vinavuliwa, kama sala ya Idi, soksi hizo hizo zitakulinda na ardhi ya moto, na kifuko cha kitambaa cha kubebea viatu kitakuepusha na kwenda kuvitafuta baadaye ndani ya watu.

Kinachozunguka shingo kisiingie kwenye msongamano: mkoba wa kupitisha kichwani, kamba ya kitambulisho, mkufu mzito. Rozari ikae mfukoni au mkononi. Ncha za khanga uliyojitanda zichomeke kiunoni. Sweta la alfajiri usilifunge kiunoni kwa mikono yake. Liache nyumbani, na badala yake beba upande mmoja wa khanga. Asubuhi unajitanda, mchana unakaa juu yake au unaifanya kivuli, na jioni unajifunika nayo.

Mtoto mchanga asibebwe mgongoni ukiwa ndani ya watu. Humwoni uso, hujui anabanwa na nani, na joto la mgongo wako linaongezeka kwenye lake. Mbebe mbele, akiwa na kifulana kimoja cha pamba, na uweke kitambaa chepesi cha pamba kati yenu. Kila mara pitisha vidole nyuma ya shingo yake: ikiwa moto na imelowa, toka naye. Mtoto anayetembea aandikiwe namba ya simu ya mzazi kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa pindo la nguo, na yeye mwenyewe aonyeshwe ilipo.

Jumamosi jioni: jaribu vazi zima

Mwaka jana mama mkwe wangu alikuja kutoka Hombolo kwa mkutano wa siku moja. Ana miaka 66 na presha. Alikuwa na sare ya jumuiya aliyoshonewa huko, nikamwomba aivae yote, kuanzia ndani mpaka viatu, Jumamosi saa kumi jioni jua likiwa bado kali.

"Mama, naomba tuzunguke nyumba mara tano," nilimwambia.

"Mara tano kwani tunamtafuta kuku?"

Tulizunguka. Mara ya tatu alishika ubavu. Tulipoingia ndani nikafungua zipu ya nyuma nikakuta bitana imelowa na imegandia, wakati kitenge chenyewe kwa nje kikavu kabisa. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta kila mara. Nje pakavu na ndani pamelowa maana yake jasho halina njia ya kutoka. Nilikidondoshea kitenge tone la maji ukingoni, kikalinywa. Kitambaa kilikuwa kizuri, kilichoharibu ni bitana.

Nilifumua bitana yote isipokuwa kipande cha kifuani, kazi ya kama saa moja. Zipu ya mgongoni niliishona ikafungwa moja kwa moja, nikapasua mbele nikaweka vifungo saba. Kwapani palikuwa pamebana, nikafumua mshono na kutia kipande cha pembe nne cha kitenge kile kile, sentimita 8 kwa 8, tunachokiita kiraka cha kwapa. Pindo nilipandisha sentimita 6. Shumizi yake ya nailoni niliiweka kabatini nikampa ya khanga. Viatu alivyokuja navyo vilikuwa vipya, tukaviacha, akavaa raba zake za shambani zilizosafishwa. Hakufurahi na hizo raba, akasema wenzake watamwona mshamba. Nilimwelewa, lakini sikukubali.

Kesho yake tulifika saa mbili tukakaa pembeni, upande unakotokea upepo, karibu na njia ya kutokea. Saa saba aliniambia kilemba kinamwasha, tukakilowanisha. Saa nane wakati wa maombezi watu walisogea mbele kwa wingi, naye akataka kwenda. Tulikwenda mpaka pale ambapo ningeweza bado kunyoosha mkono bila kumgusa mtu, tukasimama hapo. Alimaliza siku kwa miguu yake.

Mtu akianguka

Dalili za awali ni kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kukaza. Mtu wa namna hiyo mtoe kwenye watu, mpeleke kivulini, mfungue vifungo na mpe maji kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akishindwa kujua yuko wapi, au akizimia huku mwili wake ukiwa moto sana, hiyo ni hatari ya kufa, awe anatoka jasho au amekauka. Aitwe mhudumu wa afya mara moja, na wakati anasubiriwa mpozeni.

Kwenye mikutano ya maombi mtu akianguka huenda wakadhani ni roho au pepo. Maombi yaendelee, lakini kwanza mkono upelekwe shingoni na chini ya kwapa lake. Pakiwa moto kama paji la mtoto mwenye homa kali, tendo la kwanza ni kumfungua nguo: vifungo vyote, mkanda, kilemba, sidiria ilegezwe kwa nyuma, viatu na soksi. Mwageni maji shingoni, kifuani, kwapani na mapajani, na mpepeeni kwa nguvu bila kupumzika. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Akina mama wetu wana desturi njema ya kumsitiri mgonjwa kwa khanga, na mara nyingi wanamzungushia mwilini mpaka anafunikwa kabisa. Hapo wanamrudishia joto tunalolitoa. Wanawake wanne washike khanga wima kama pazia, mbali naye kwa hatua moja, upande wa upepo ukiachwa wazi. Sitara inapatikana na hewa inapita.

Jioni, kabla hujafua

Jua likizama nguo ya pamba iliyolowa inakuwa baridi mwilini, hasa ukipanda nyuma ya gari la wazi. Badili fulana au shumizi kwanza, halafu jitande khanga kavu.

Nyumbani, tundika gauni limegeuzwa ndani nje, uliache likauke lenyewe usiku. Asubuhi liangalie kwenye mwanga. Utaona mistari myeupe ya chumvi. Palipo na mstari mnene wenye ukingo mkali, mara nyingi kwapani, chini ya matiti na kiunoni penye mpira, ndipo jasho liliposimama bila kukauka. Zungushia sehemu hizo chaki, kisha mpelekee fundi akiwa na muda, si wiki ya mkutano mwingine. Gauni la mama mkwe lilikuwa na mstari mmoja tu, kiunoni, pale nilipoacha mkanda wa kukazia kitambaa. Niliutoa, kisha nikaliloweka gauni kwenye maji baridi yasiyo na sabuni, chumvi itoke kwanza.